Vipele vya Vifundoni kwa Watoto: Dawa Haiishii kwenye Ngozi, Tazameni Tandiko na Paka

Mtoto wa miaka mitatu au minne anaamka usiku akilia kwa muwasho. Mama anawasha taa, anatazama miguu yake, naye anakuta vipele vigumu vilivyokaa pamoja, vitatu hapa na vinne pale, kuzunguka vifundo vya miguu. Asubuhi anapakwa mafuta, jioni anapelekwa duka la dawa. Muuzaji anasema ni upele, anatoa dawa ya kupaka mwili mzima. Baada ya wiki moja vipele vinaonekana kupungua, kisha vinazuka vipya, na vile vya zamani vilivyokwisha kukauka navyo vinaanza kuwasha tena. Mama anarudi dukani. Mwezi unapita, fedha zimekwenda, na miguu ya mtoto imejaa madoa meusi na vidonda vya kujikuna.

Wazazi wa nyanda za juu za Kigoma, wa Nyakitonto na vijiji vingine vya Kasulu mpaka Kibondo, hawatashangazwa na habari hii. Nyumba nyingi huko zina sakafu ya udongo, mahindi na maharage huhifadhiwa ndani, na paka hufugwa ili kuyalinda na panya. Mbuzi na kuku nao hawalali mbali na watu. Katika mazingira hayo, vipele vya namna hiyo mara nyingi ni mzio wa mwili wa mtoto kwa mate ya kiroboto. Chanzo chake kimelala juu ya sakafu, ndani ya blanketi na mahali paka anapojikunja usiku. Ndiyo maana dawa ya kupaka peke yake haimalizi tatizo.

Namna ya kuvitambua

Jambo la kwanza ni kutazama mahali vipele vilipo. Kiroboto hana mabawa. Hutoka chini na kuruka, na mruko wake wa kawaida haufiki juu sana, ni kiasi cha shibiri moja. Kwa hiyo mtu aliyesimama huumwa vifundoni na kwenye muundi. Mtoto anayekaa au kulala chini juu ya mkeka huweza kuumwa pia mapajani, kiunoni na matakoni, hasa mahali nguo inapobana. Vipele vyake huja kwa makundi, kila kimoja kina upana wa milimita 3 hadi 10, na ukikitazama kwa makini kwenye mwanga utaona katikati yake kinukta kidogo, ndipo mdomo wa mdudu ulipoingia. Vitabu vingi husema vipele hivi ni vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Kipele huwa na rangi ya ngozi yenyewe au cheusi zaidi, na mkono hukitambua kabla ya jicho.

Ugonjwa wa upele, unaoletwa na vidudu vinavyochimba ndani ya ngozi, una tabia nyingine. Huo hupenda katikati ya vidole vya mikono, viganja, kwapa, kitovu na sehemu za siri, na kwa kawaida huwapata watu kadhaa wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu huambukizwa kwa kugusana. Ikiwa mama, baba na watoto wote wanajikuna usiku, ni sawa kuufikiria upele. Ikiwa ni mtoto mmoja tu, na vipele vyake viko miguuni, yafaa kumfikiria kiroboto kwanza.

Funza naye, anayejulikana sana mkoani Kigoma, ni wa ukoo wa viroboto, lakini kazi yake ni tofauti. Yeye huingia ndani ya ngozi ya vidole vya miguu na nyayo, akabaki humo, na mahali alipo huonekana uvimbe mweupe wenye kitone cheusi. Kiroboto wa kawaida haingii ndani ya ngozi. Hunyonya damu na kuondoka, na kinachobaki ni hasira ya mwili dhidi ya mate yake. Katika vipele hivi, basi, hamna kitu cha kuchokonoa kwa sindano, na kuchokonoa huongeza kidonda tu.

Kunguni nao hawafanani na kiroboto. Hao huishi katika godoro, kamba za kitanda na nyufa za ukuta, wakauma usiku sehemu zisizofunikwa, kama uso, shingo na mikono, na mara nyingi huacha madoa madogo ya damu au ya uchafu mweusi kwenye shuka.

Kwa nini mtoto mmoja tu?

Swali hili huwasumbua wazazi kuliko yote. Watoto wanne wanalala chumba kimoja, pengine mkeka mmoja, naye mmoja tu ndiye anayeumia. Wengine husema damu yake ni tamu, wengine humlaumu mama kwa uchafu, na wapo wanaotafuta sababu katika chakula alichokula. Ukweli ni kwamba watoto wote wanne wanaumwa, ila miili yao haijibu kwa namna moja.

Mwaka 1946 mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, Kenneth Mellanby, alieleza jinsi mwili unavyobadilika kadiri unavyoumwa na mbu mara kwa mara, na mpangilio huo husaidia kumwelewa kiroboto pia. Mtu anapoumwa kwa mara za kwanza mwili haujayajua yale mate, na hakuna kinachotokea. Baada ya kuumwa mara nyingi mwili hujifunza kuyakataa. Hapo kipele kigumu hutokea siku moja au mbili baada ya kuumwa na kukaa muda mrefu. Baadaye muwasho huja papo hapo na kipele kigumu hufuata. Akizidi kuumwa kwa miezi na miaka, mwili huzoea, mpaka mwisho haujibu tena.

Tukiuelewa mpangilio huo, mambo mengi ya nyumbani yanajieleza yenyewe. Mtoto mchanga hana vipele kwa sababu mwili wake haujaanza kukataa. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 ndiye aliye katikati ya safari, naye ndiye anayeumia. Kaka yake mkubwa na wazazi wake wameshazoea, na huenda wanaumwa kila siku bila kujua. Kadhalika mtoto anayekuja likizo kwa bibi yake akitokea mjini, ambako hakuzoea viroboto wa kijijini, anaweza kujaa vipele ilhali binamu zake waliozaliwa hapo hawana hata kimoja. Hilo halina maana kwamba nyumba ya bibi ni chafu kuliko nyingine.

Hali hii inaeleza pia kwa nini vipele vya zamani huamka. Mwili uliokwisha kukasirika hukumbuka. Kiroboto mmoja akimuuma mtoto leo kwenye kifundo cha kulia, vipele vya wiki mbili zilizopita kwenye mguu wa kushoto vinaweza kuvimba na kuwasha upya. Mama akiona vipele ishirini hudhani mtoto ameumwa mara ishirini usiku ule, kumbe mdudu mmoja ametosha. Kwa sababu hiyo kupunguza viroboto kwa nusu hakumpi mtoto nafuu ya nusu. Inabidi kazi ifanywe mpaka mwisho.

Kiroboto anaishi wapi?

Tunapomwona paka akijikuna, tunadhani viroboto wote wako juu yake. Wanaoonekana juu ya mnyama ni sehemu ndogo tu. Wataalamu hukadiria kuwa ni kama 5 katika kila 100. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na waliomo ndani ya vifuko vyao, nao wametapakaa sakafuni na kwenye matandiko.

Kiroboto jike anayenyonya damu vizuri hutaga mayai kati ya 20 na 50 kwa siku. Hutaga akiwa juu ya mnyama, lakini mayai hayo ni laini na hayashiki kwenye manyoya. Huanguka mnyama anapotembea, na zaidi sana pale anapolala. Pamoja na mayai huanguka kinyesi cha kiroboto, ambacho ni damu iliyokauka, chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Yai huanguliwa baada ya siku chache, kikatoka kiluwiluwi chembamba kama uzi, kinachokimbia mwanga na kujificha kwenye vumbi, nyufa za sakafu, chini ya mkeka na katika mikunjo ya blanketi. Chakula chake ni ile damu iliyokauka.

Kiluwiluwi hicho ni dhaifu. Jua kali na ukavu humuua. Lakini akikua hujifunga ndani ya kifuko chenye kunata, kikajipaka vumbi na kufanana na chembe ya mchanga. Humo ndani analindwa. Dawa nyingi za kupulizia hazimfikii, na anaweza kusubiri siku chache au miezi kadhaa. Anaposikia mtikisiko wa nyayo, joto la mwili au pumzi ya kiumbe, hutoka mara moja akaruka. Ndiyo sababu familia iliyosafiri majuma kadhaa ikirudi na kufungua mlango, huweza kushambuliwa na viroboto wengi kuliko iliowaacha.

Si viroboto wa paka pekee wanaokaa majumbani mwetu. Katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, watafiti waliofuatilia ugonjwa wa tauni walitega viroboto ndani ya nyumba za vijiji, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopatikana kwa wingi walikuwa viroboto wa binadamu. Mbuzi, nguruwe, mbwa na panya nao hubeba viroboto wanaoweza kumuuma mtu. Kwa hiyo nyumba isiyo na paka nayo si salama, hasa ikiwa mifugo hulala ndani au ukuta wa zizi umeshikana na ukuta wa chumba cha watoto.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida huko Nyakitonto. Ina vyumba viwili, sakafu ya udongo yenye nyufa, na paka mmoja anayelala penye joto: mchana juu ya magunia ya mahindi, usiku miguuni mwa watoto. Watoto watatu wanalala juu ya mkeka wenye godoro jembamba, na wa kati, mwenye miaka minne, ana vipele vifundoni kwa mwezi wa pili sasa.

Kwanza mama anahakikisha. Anamsimamisha paka juu ya kitambaa cheupe kilicholowana, anamchana kwa chanuo lenye meno ya karibu, kuanzia shingoni hadi kwenye shina la mkia. Chembe nyeusi zinaanguka. Zile zinazobaki nyeusi ni vumbi. Zile zinazotoa rangi ya wekundu wa kutu kwenye maji ni kinyesi cha kiroboto. Usiku anaweka sahani ya maji yenye sabuni kidogo sakafuni, karibu na taa, mbali na mtoto asije akaipindua. Viroboto huufuata mwanga, huangukia majini, na sabuni huwazuia kutoka. Asubuhi anawahesabu. Hesabu hiyo aiweke, kwa kuwa ndiyo itakayomwambia baadaye kama kazi inaendelea vizuri.

Siku ya kwanza ya kazi, yote hufanywa pamoja. Mashuka, mablanketi, vitenge vya kujifunikia na nguo za kulalia hufuliwa kwa sabuni na maji ya moto sana, kisha huanikwa juani mpaka yakauke kabisa. Wakati wa kuyabeba yakunjwe kwa ndani, yasikung'utwe ndani ya nyumba, maana mayai yataanguka tena sakafuni. Godoro na mkeka vitolewe nje, vipigwe na vigeuzwe, vikae juani kutwa nzima. Magunia yasogezwe. Chumba kifagiliwe kuanzia kwenye pembe, kuta zinapokutana na sakafu, na takataka zichomwe au zifukiwe mbali na mlango. Kisha nyufa zizibwe kwa udongo uliokandwa vizuri, ukauke kabla ya watoto kurudi kulala. Sakafu laini isiyo na nyufa haimwachii kiluwiluwi mahali pa kujificha.

Siku hiyohiyo paka naye ashughulikiwe. Achanwe, na viroboto wanaonaswa kwenye chanuo watumbukizwe katika maji ya sabuni. Ofisa mifugo wa kata aulizwe dawa inayofaa paka. Hapa tunatoa onyo: dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa ya mbwa yenye pamethrini zinaweza kumuua paka, na dawa za shambani ni hatari kwake na kwa mtoto anayemshika. Paka mchanga achanwe tu.

Kisha paka apewe mahali pake. Atandikiwe gunia au kitambaa kimoja, penye joto, nje ya chumba cha watoto. Mayai mengi yataangukia hapo, na kitambaa hicho kikifuliwa kwa maji ya moto kila wiki, kizazi kizima huondoka na maji. Kumfukuza paka ghafla ni kosa la kawaida. Waliomo katika vifuko watatoka hata kama yeye hayupo, na wasipompata watawageukia watoto. Zaidi ya hayo panya watarudi kwenye mahindi, nao wana viroboto wao.

Wiki ya pili mama anaweza kukata tamaa, kwa sababu viroboto bado wanaonekana. Hao ni wale waliokuwa ndani ya vifuko siku ya kwanza, na kazi haijaharibika. Afagie kila siku, afue matandiko kila wiki, aendelee kumchana paka. Kwa kawaida wiki tatu au nne zinahitajika kabla sahani ya maji haijaanza kukutwa tupu, na msimu wa mvua huweza kuchukua muda zaidi kwa sababu unyevu humsaidia kiluwiluwi na jua ni haba. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri zaidi kwa kazi hii. Ikiwa baada ya mwezi hesabu haijashuka, watazame mahali pengine mtoto anapokaa: kwa jirani, zizini, au mikeka ya madrasa ambayo paka huilalia usiku. Mikeka hiyo nayo huhitaji kupigwa na kuanikwa.

Chandarua chenye dawa kisaidie pia, lakini kwa sharti kwamba kingo zake zimechomekwa chini ya godoro pande zote. Kikiachwa kuning'inia, kiroboto hupita chini yake bila shida.

Ngozi ya mtoto nayo

Wakati nyumba inasafishwa, mtoto apunguziwe muwasho. Kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji baridi, kikiwekwa juu ya vipele kwa dakika kumi kabla ya kulala, hutuliza. Losheni ya kalamaini husaidia. Mganga wa zahanati anaweza kutoa krimu nyepesi ya haidrokotizoni ya kupaka kwa siku chache, au dawa ya kunywa ya kupunguza mzio, kama setirizini au klofeniramini, kwa kipimo cha umri na uzito wa mtoto. Ya pili huleta usingizi. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa za wadudu zisiguse ngozi ya mtoto kamwe. Wala hakuna haja ya kurudia dawa ya upele mara tatu kwa ugonjwa usio upele. Dawa ile yenyewe hukausha na kuchoma ngozi iliyochubuka.

Kucha zikatwe fupi na mikono ioshwe kwa sabuni, kwani hatari kubwa ya vipele hivi hutoka kwenye kucha. Kipele kilichokunwa hupasuka, vijidudu vikaingia, kikawa kidonda chenye usaha au gamba la rangi ya asali. Mtoto apelekwe kituo cha afya akionekana na usaha, uvimbe wenye joto unaosambaa, mtoki kwenye kinena au homa. Na baada ya vidonda hivyo, hata kama vimeanza kupona, wazazi waangalie kwa majuma yanayofuata: uso ukivimba asubuhi, au mkojo ukipungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi, figo zimeguswa, na safari ya hospitali haipaswi kungoja kesho.

Madoa meusi yanayobaki baada ya muwasho kwisha hayahitaji dawa. Hufifia yenyewe kwa miezi, mradi mtoto haumwi tena. Losheni za kung'arisha ngozi zisitumiwe kuyaondoa.

Kwa mzazi ambaye usiku huu mtoto wake anajikuna, tunashauri aanze na mambo mawili asubuhi: kitambaa cheupe chenye maji chini ya paka, na matandiko yote nje juani. La kwanza litamjulisha kama adui ni kiroboto. La pili litampunguza adui huyo siku hiyohiyo, kabla hata hajafika duka la dawa.